UFUNDI WA MIKONO: Kuukuza Mtepe Kutoka Karatasini Hadi Ukutani

Katika visiwa vya Lamu hakuna tena mtepe unaoelea majini. Chombo hicho, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, na ambacho tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne, kilitoweka pwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Siku hizi mtu akitaka kujua umbo lake hutazama mifano midogo iliyohifadhiwa makumbusho, au picha za vitabuni. Kwa hiyo mchoraji anayeombwa kuuchora mtepe kwenye ukuta wa shule, tuseme ya kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate, amebeba jukumu zito kuliko yule anayechora jahazi au mashua. Akikosea shingo ya jahazi, mtoto atashuka ufukoni na kuona kosa mara moja. Akikosea shingo ya mtepe, hapana chombo cha kumsahihisha, na watoto watakua wakiamini kwamba mtepe ulikuwa vile ulivyochorwa.

Pamoja na hilo kuna jambo la fedha. Rangi hununuliwa Lamu mjini, na kutoka upande wa Faza safari ya chombo hupita mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambako vyombo vingi husubiri maji yajae. Rangi ikipungua kazi ikiwa nusu, ni safari nyingine, ni nauli nyingine, na mara nyingi rangi mpya hailingani kabisa na ile ya kwanza.

Mambo haya mawili, yaani usahihi wa umbo na kiasi cha rangi, yana dawa moja, nayo ni miraba. Mistari ile ile inayouongoza mkono katika kuchora ndiyo inayopima rangi. Njia hii ni ya kale mno. Wamisri wa kale walipiga mistari myekundu ukutani kwa uzi uliotiwa rangi, wakachora ndani ya miraba yake, na katika makaburi ambayo kazi yake haikumalizika mistari hiyo ingali inaonekana hata leo.

Basi na uchukuliwe mfano mmoja, ufuatwe tangu mwanzo hadi mwisho. Mchoraji ana picha ya mtepe iliyochorwa kwa penseli, upana wake sentimita 24 na kimo chake sentimita 15. Ukuta aliopewa uko ndani ya ua wa shule, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa lipu ya chokaa.

KUPATA UWIANO

Kazi ya kwanza ni kuupima ukuta, na kuta za matumbawe hazipimwi mara moja tu. Nyingi zimejengwa kwa mkono na jicho, na upana wa chini si lazima uwe sawa na upana wa juu. Mchoraji wa mfano huu hupima upana mahali patatu akapata mita 5 na sentimita 7 chini, mita 5 na sentimita 3 katikati, na mita 5 kamili juu. Hupima kimo vivyo hivyo, na kipimo kilicho kidogo kabisa ni mita 3 na sentimita 20. Katika kila upande hushika kipimo kidogo, kwa maana picha haiwezi kuenea mahali ambapo ukuta haupo.

Kisha hugawanya. Sentimita 500 za upana wa ukuta kwa sentimita 24 za picha ni karibu 20.8. Sentimita 320 za kimo kwa sentimita 15 ni karibu 21.3. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kutaka kuujaza ukuta wote. Mtu akiukuza upana mara 20.8 na kimo mara 21.3, mtepe utarefuka kidogo kwenda juu. Na ukuta ungekuwa mrefu zaidi, chombo kingeonekana kama kimebanwa na mikono miwili. Uwiano lazima uwe mmoja kwa pande zote mbili. Huchukuliwa ule mdogo, tena hupunguzwa hadi namba nyepesi kwa hesabu. Hapa ni 20. Kila sentimita moja ya karatasi itakuwa sentimita 20 za ukuta.

Kwa uwiano huo picha itakuwa na upana wa mita 4 na sentimita 80, na kimo cha mita 3. Zimebaki sentimita 20 za upana na sentimita 20 za kimo. Zile za upana hugawanywa, kumi kulia na kumi kushoto. Zile za kimo huachwa zote chini, kwa sababu hapo ndipo mvua hurusha matope na ndipo unyevu wa ardhi hupanda. Na kama ukuta umepinda, upindo huo umezwe na kingo hizi zilizoachwa, usiingie katika picha.

KUCHAGUA MRABA

Mraba ukiwa mkubwa mno, mistari mingi hujaa ndani yake na jicho halipati pa kushika. Ukiwa mdogo mno, mchoraji hupotea kati ya miraba isiyo na idadi. Picha hii ikigawanywa kwa miraba ya sentimita 3, itapata miraba 40 tu, na kila mmoja ukutani utakuwa wa sentimita 60. Shingo yote ya mtepe itaangukia katika mraba mmoja au miwili. Ikigawanywa kwa nusu sentimita, itakuwa na miraba 1,440. Mchoraji huchagua sentimita moja na nusu. Upana wa sentimita 24 hutoa safu 16, na kimo cha sentimita 15 hutoa mistari 10 ya miraba. Jumla ni miraba 160. Ukutani kila mraba utakuwa na upande wa sentimita 30.

Safu huitwa kwa herufi, A hadi P, kutoka kushoto kwenda kulia. Mistari huitwa kwa namba, 1 hadi 10, kutoka chini kwenda juu. Majina haya huandikwa katika karatasi na ukutani vilevile, hata mchoraji akiwa juu ya jukwaa, na mwenzake akiwa chini ameshika karatasi, waweze kusemezana bila kuoneshana kidole: "Sasa D4." Ili picha ya asili isiharibike, miraba hupigwa juu ya nakala yake.

Mahali penye kazi ndogo ndogo, kama vile omo ya mtepe iliyoinuka mfano wa shingo ya ngamia, na jicho lililochorwa hapo, mraba mmoja hugawanywa kwa minne, karatasini na ukutani. Hakuna haja ya kuigawanya miraba ya mbingu, ambamo hamna kitu.

KUPIGA MISTARI UKUTANI

Sakafu si msingi wa kupimia, wala dari. Vyote viwili huweza kuwa vimeinama. Mstari wa chini wa picha hupatikana kwa pimamaji, au kwa mpira mrefu wa kupitisha mwanga uliojazwa maji, kwa kuwa maji yaliyotulia katika ncha zake mbili hukaa kimo kimoja. Mstari wa kushoto, unaosimama wima, hupatikana kwa timazi.

Kisha pembe hukaguliwa. Mchoraji hupima mita 4 juu ya mstari wa chini kuanzia pembeni, na mita 3 juu ya mstari wa wima. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa mita 5 kamili, pembe ni ya mraba. Ukizidi au kupungua, mstari mmoja umelala. Baada ya kufunga pande zote nne, hupima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, mara mbili. Katika picha hii kila mshazari unapaswa kuwa mita 5 na sentimita 66. Kama mmoja ni mita 5 na sentimita 60 na wa pili ni mita 5 na sentimita 72, umbo limelala upande mmoja, na mtepe utakaochorwa ndani yake utaonekana kama unazama.

Alama za sentimita 30 zina hila yake. Mtu huweza kukata kijiti cha sentimita 30 akakirusha hatua kwa hatua ukutani. Lakini kijiti hicho kikiwa kimezidi milimita 3 tu, baada ya hatua 16 kosa litakuwa limefika karibu sentimita 5, na mraba wa mwisho hautaingia. Njia ya salama ni kuutandaza utepe wa kupimia mara moja kutoka pembeni, na kuweka alama zote bila kuuondoa: 30, 60, 90, 120, hadi 480. Hapo kosa la alama moja halirithiwi na alama inayofuata.

Mistari yenyewe hupigwa kwa uzi uliopakwa unga wa chaki ya rangi. Watu wawili huuvuta uzi, na mmoja huuvuta kidogo katikati na kuuachia. Mstari uwe hafifu. Mkaa haufai katika ukuta mweupe, kwa kuwa vumbi lake huchanganyika na rangi na kuacha kivuli kichafu katika mbingu.

KUHAMISHA MCHORO

Mchoraji mgeni hutazama mraba wa karatasi na kujaribu kuukumbuka wote. Aliyezoea huuliza swali dogo zaidi: mstari unakata upande gani wa mraba, na mahali gani?

Chukua mstari wa chini wa mtepe unapopita katika mraba wa D4. Karatasini unaingia upande wa kushoto, nusu sentimita juu ya pembe ya chini. Unatoka upande wa kulia, milimita 3 juu ya pembe ya chini. Kila kipimo huzidishwa kwa 20. Ukutani mstari utaingia sentimita 10 juu ya pembe, na kutoka sentimita 6 juu ya pembe. Mchoraji huweka nukta mbili, kisha huziunganisha kwa mpindo ule ule aonao karatasini. Nukta ya kutokea D4 ndiyo nukta ya kuingilia E4. Hivyo mraba mmoja humkabidhi mwenzake, kama wapagazi wanaopokezana mzigo.

Makabidhiano hayo ndiyo yanayofichua kosa. Mchoraji akiruka safu moja bila kujua, mstari utakatika, na ubavu wa chombo utaonekana kama mfupa uliovunjika. Mahali popote ambapo mistari miwili haikutani katika upande wa mraba, kosa liko hapo au mraba mmoja nyuma, na halina haja ya kutafutwa mbali.

Aliye juu ya jukwaa yuko karibu mno na ukuta. Miraba iliyo juu ya kichwa chake humwonekea mifupi kuliko ilivyo, naye hupata tamaa ya kuirefusha shingo ya mtepe. Na aiamini nukta iliyopimwa, asiliamini jicho lake. Baada ya kila safu mbili tatu hushuka, akasogea nyuma hatua kumi na tano, akaunyosha mkono wenye karatasi na kuitazama sambamba na ukuta. Wengi siku hizi huupiga ukuta picha kwa simu, wakazilinganisha picha mbili zilizo ndogo sawa. Simu lakini ishikwe usawa wa katikati ya picha. Ikielekezwa juu kutoka chini, mistari ya wima huegemeana nayo hudanganya.

Na ieleweke mpaka wa njia hii. Miraba huhamisha yaliyomo karatasini, wala haiyasahihishi. Penseli iliyoteleza milimita moja huwa kosa la sentimita 2 ukutani. Mstari wa penseli wenye unene wa nusu milimita huwa utepe wa sentimita nzima, na mchoraji lazima aamue kwanza kama atafuata ukingo wake wa ndani au wa nje, kisha asibadili. Kwa sababu hiyo picha ya mtepe hukaguliwa na wazee wanaojua vyombo ingali karatasini, ambako kifutio hutosha.

KUPIMA RANGI KWA MIRABA

Sasa miraba hufanya kazi yake ya pili. Swali ni hili: picha iliyokuzwa mara 20 inahitaji rangi mara ngapi? Anayejibu "mara 20" amekosea sana. Mkulima anajua siri hii kutoka shambani. Shamba la hatua 10 kwa hatua 10 likiongezwa pande zote mbili hadi hatua 20 kwa 20, halihitaji mbegu mara mbili, bali mara nne, kwa maana limekua kwa upana na kwa urefu pia. Picha ya mtepe imekua mara 20 kwa upana na mara 20 kwa kimo. Eneo lake, basi, limekua mara 20 kwa 20, yaani mara 400.

Hesabu inathibitisha. Karatasi ya sentimita 24 kwa 15 ina eneo la sentimita 360 za mraba. Mara 400, ni sentimita 144,000 za mraba, sawa na mita 14.4 za mraba. Ukutani, mita 4.8 kwa mita 3 ni mita 14.4 za mraba vilevile. Aliyezidisha kwa 20 peke yake atapata mita 0.72 za mraba, eneo lisilotosha hata kupaka tanga.

Lakini rangi si moja. Bahari ina yake, tanga lina lake. Hapa mchoraji huirudia karatasi na kuihesabu miraba kwa rangi. Mraba ambao zaidi ya nusu yake ni bahari huhesabiwa kuwa wa bahari. Ambao bahari ni chini ya nusu, huachiwa rangi nyingine. Makosa madogo ya huku na huko hufidiana. Kila mraba mmoja ukutani ni mita 0.3 kwa 0.3, yaani mita 0.09 za mraba. Katika picha hii hesabu imekuwa hivi:

Bahari: miraba 52, mita 4.68 za mraba.
Mbingu: miraba 66, mita 5.94 za mraba.
Tanga: miraba 24, mita 2.16 za mraba.
Ubavu wa mtepe: miraba 16, mita 1.44 za mraba.
Bendera na vitu vidogo: miraba 2, mita 0.18 za mraba.
Jumla: miraba 160, mita 14.4 za mraba.

Jumla ya miraba isipofika 160, kuna mraba uliosahauliwa au uliohesabiwa mara mbili. Huo ndio ukaguzi wa karani, nao haugharimu kitu.

LITA MOJA INAPAKA WAPI?

Juu ya makopo mengi ya rangi huandikwa eneo linalopakwa na lita moja, na namba hiyo yaweza kuwa mita 10 au 12 za mraba. Namba hiyo ni ya ukuta laini usiofyonza. Lipu ya chokaa juu ya matumbawe ina mashimo na mikwaruzo, nayo hunywa rangi kama mchanga unavyokunywa maji. Kwa hiyo mchoraji hununua kwanza kopo la lita moja la rangi nyeupe, hupima nusu lita, na kuanza kupaka kanzu ya chini ndani ya miraba iliyopigwa. Katika mfano huu nusu lita imekwisha baada ya miraba 33, karibu mita 3 za mraba. Ni dhahiri kwamba katika ukuta huu lita moja hupaka mita 6 za mraba. Kanzu zitakazofuata zitafyonzwa kidogo kuliko ya kwanza, lakini kushika namba hii 6 kwa zote ni kukaa upande wa salama. Mistari ya chaki ikififia chini ya kanzu hiyo, hupigwa tena kwa alama zile zile za kingoni.

Kanzu nyeupe ya chini hupakwa ukuta wote, pamoja na kingo, mita 5 kwa 3.2, yaani mita 16 za mraba. Gawanya kwa 6, ongeza sehemu moja ya kumi kwa yale yanayobaki katika brashi na ndoo: karibu lita 3. Kisha kila rangi ya picha hupakwa mara mbili. Bahari ni mita 4.68, mara mbili ni 9.36, kwa 6 ni lita 1.56, na pamoja na nyongeza ni karibu lita 1.72. Kwa njia hiyo hiyo mbingu huhitaji lita 2.18, tanga lita 0.79, na ubavu wa mtepe lita 0.53. Vitu vidogo hutoshwa na kopo dogo kabisa lililopo dukani.

Laiti mtu angeyaamini maandishi ya kopo na kushika mita 12 kwa lita, angenunua nusu tu ya rangi hiyo. Ingemwishia katika kanzu ya pili, bahari ikiwa na mawimbi upande mmoja na mawingu ya chokaa upande wa pili.

Jambo moja zaidi lahusu mbingu. Rangi yake huchanganywa kwa mkono: sehemu 1 ya buluu kwa sehemu 7 za nyeupe. Lazima ichanganywe yote kwa mara moja, ya kanzu zote mbili, katika ndoo moja yenye kifuniko. Mchoraji hufanya lita 2.4, yaani lita 0.3 za buluu na lita 2.1 za nyeupe. Akichanganya nusu leo na nusu kesho, tofauti haitaonekana rangi ikiwa mbichi, bali ikikauka, wakati haiwezekani tena kurudi. Buluu ile ile ndiyo ya bahari, hivyo buluu yote ni lita 1.72 na 0.3, jumla lita 2.02. Makopo mawili ya lita moja yamepungukiwa kwa kijiko tu, na kijiko hicho kingemrudisha mtu Lamu mjini. Hununuliwa matatu. Nyeupe ni lita 3 na 2.1, jumla 5.1, kopo moja la lita 4 pamoja na mawili ya lita moja, likiwamo lile la majaribio, yanatosha.

UKUTA KABLA YA RANGI

Haya yote ni bure ikiwa ukuta hauko tayari. Ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Rangi ya mafuta huuziba, na unyevu ukitafuta njia huisukuma rangi ikafanya malengelenge, kisha ikabanduka. Rangi ya maji huvumilia zaidi. Lipu mpya huachwa wiki nne au zaidi ikauke, kwa sababu chokaa mbichi huunguza rangi nyingi na kuzififisha.

Kuna majaribio matatu mepesi. La kwanza, pitisha kiganja ukutani; kikitoka cheupe, kuna vumbi la chokaa kuukuu, na rangi itashika vumbi wala haitashika ukuta. Lisuguliwe kwa brashi ngumu na kufutwa. La pili, tazama kama kuna unga mweupe uliochipuka karibu na ardhi. Hiyo ni chumvi, nayo hufagiliwa kavu. Kuiosha kwa maji huirudisha ndani, nayo itachipuka tena nyuma ya rangi. La tatu, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa siku moja, kingo zake zote zikizibwa. Yakionekana matone ya maji chini yake, ukuta ungali na unyevu, na kazi ingoje.

Na ikiwa ukuta uko nje, katika Mji wa Kale wa Lamu, kuna jambo la kufanya hata kabla ya majaribio hayo. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na sura ya majengo yake inalindwa. Yafaa mwenye ukuta apate kwanza idhini ya ofisi ya Makumbusho ya Taifa. Karatasi yenye miraba, iliyoandikwa uwiano na rangi zake, ndiyo itakayowaonesha wakubwa hao picha itakavyokuwa, kabla tone moja la rangi halijagusa ukuta.